Abaya ya 58 kwa mvaaji wa 54: kisa cha fundi wa Langoni

Nguo iliyozua kisa hiki ni abaya nyeusi ya kitambaa cha nida, iliyonunuliwa Mombasa na kufikishwa Lamu siku kama kumi hivi kabla ya Idi. Lebo ya shingoni ilikuwa na namba 58. Mwenyewe ni msichana wa mtaa wa Langoni, hapo hapo Lamu, si mfupi wala si mrefu, na alipoivaa na makubadhi yake ya kawaida ilimwagika sakafuni kila upande. Shida haikuwa urefu peke yake, maana nguo ndefu hupindwa na mambo yakaisha. Shida ilikuwa nakshi: pindo lote la chini lilikuwa limedariziwa kwa nyuzi za dhahabu, upana wa inchi saba, na tarizi hiyo ilipigwa kwenye kitambaa chenyewe wala haikuwa utepe ulioshonewa juu.

Fundi aliyeletewa ni mtoto wa ami yangu. Ana cherehani ya mkono aliyoachiwa na mamake, meza, na baraza ya nyumba, na kazi yake ni kurekebisha nguo za majirani: kupinda, kupunguza, kutanua, kubadilisha zipu, kutia kiraka. Nguo mpya hashoni. Mimi pia ni fundi, niko Malindi, na siku hizo nilikuwa kwake. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri pesa ya kazi hii inatoka wapi, na haitoki pale ambapo wengi wetu tunadhani.

Kwanza namba. Namba za abaya zinazotoka madukani, 52, 54, 56, 58, 60, ni urefu wa nguo kwa inchi, kupimwa kutoka begani karibu na shingo hadi chini. Hazisemi lolote kuhusu unene wa mvaaji, ingawa nguo ya namba kubwa mara nyingi huwa na mikono mirefu zaidi pia. Mtu akinunuliwa na ndugu aliye mbali, au akichukua iliyobaki dukani kwa kuwa nakshi imempendeza, hupata urefu usio wake. Msimu wa Idi nguo za namna hiyo ndizo zinazojaa barazani kwa fundi.

Msichana alisema alivyosema kila mtu: "Shangazi, nguo hini ni ndefu, ipinde tu."

"Haipindiki, mwanangu. Tazama nakshi i wapi."

Akamvalisha, akamwambia avae viatu atakavyovaa siku ya Idi yenyewe, kisha akampima kutoka sakafuni kwenda juu. Kupima hivi kuna sababu. Ukipima kutoka begani kushuka, bega moja likiwa chini kuliko jingine (na wengi wetu tuko hivyo, hasa waliozoea kubeba mkoba upande mmoja) pindo litakwenda mshazari na hutajua kosa liko wapi. Sakafu haidanganyi. Lamu kuna jambo jingine: vichochoro vina mitaro ya maji, na punda wanapita humo humo wanamopita watu. Mwanamke wa hapa hataki abaya iguse chini kama anavyoitaka yule anayeshuka garini mlangoni kwa mwenyeji. Fundi humwachia inchi moja kutoka ardhini, na akiwa mwenda haraka inchi moja na nusu. Kwa huyu, urefu uliofaa ulitoka 54. Inchi nne zilikuwa za ziada.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kupinda chini, na hapo nakshi yenye upana wa inchi saba ingebaki inchi tatu, nyingine imefichwa ndani na inakwaruza miguu. Hiyo ikatupwa. Ya pili ni kuinua kutoka begani: unafumua mabega na mikono, unashusha shingo, unakata upya. Kazi hiyo hugusa shingo, kwapa na mikono kwa pamoja, na kwa inchi nne shimo la mkono lingeishia mahali ambapo si pake. Kuinua begani kunafaa inchi moja, labda moja na nusu, tena kwa nguo pana kama dera. Ya tatu ni kukata katikati, kutoa kipande, na kuunganisha upya, ili nakshi ibaki chini nzima kama ilivyokuja. Akachagua ya tatu, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Abaya nyingi hupanuka kadiri zinavyoshuka. Ukitoa inchi nne katikati, ukingo wa kipande cha juu huwa mwembamba kuliko ukingo wa kipande cha chini, na mtu akilazimisha kuviunganisha hivyo hivyo hupata mikunjo midogo midogo inayozunguka magoti kama sketi ya marinda. Lazima kipande cha chini kipunguzwe ubavuni mpaka kilingane na cha juu, na upunguzaji huo ushuke taratibu hadi uishe kabla ya kufika kwenye nakshi, kwa sababu nakshi ikikatwa uzi wake unafumuka na ua linalovuka mshono halikutani tena na nusu yake.

Swali lililofuata ni kukata wapi. Msichana alitaka mshono ukae karibu kabisa na nakshi, ili uonekane kama sehemu ya pambo. Wazo zuri kwa macho, ila hesabu inalikataa. Ukikata inchi tatu tu juu ya nakshi, una inchi tatu za kumaliza upunguzaji wote, na ubavu utatokeza kona, hasa kwa kitambaa kinachoteleza na kuanguka kama nida. Kadiri unavyopanda juu ndivyo mteremko unavyokuwa mrefu na usioonekana. Akaweka alama ya kwanza kwa chaki inchi ishirini kutoka chini, na ya pili inchi ishirini na nne. Kati ya alama ya chini na mwanzo wa nakshi zikabaki inchi kumi na tatu, nafasi ya kutosha. Mshono nao ungeangukia juu kidogo ya goti, mahali ambapo nguo hujikunja yenyewe mtu akitembea.

Akailaza abaya mezani, akainyoosha, akapima upana kwenye kila alama. Juu ilikuwa inchi 29, chini inchi 30 na nusu. Tofauti ni inchi moja na nusu ikiwa imelazwa, yaani robo tatu ya inchi kila upande. Robo tatu hiyo hutolewa mbele na nyuma, kwa mishono yote miwili ya ubavuni, na jumla inakuwa inchi tatu za mzunguko. Hakuna hesabu zaidi ya hiyo. Akachora kwa chaki mstari unaoanza robo tatu ndani kwenye alama ya chini na kurudi pole pole kwenye mshono wa zamani mpaka kugusana nao nusu inchi juu ya nakshi.

Kukata sasa, na hapa nimeona mafundi wazuri wakiteleza. Unataka kufupisha inchi nne, mkono unakwenda wenyewe kukata kipande cha inchi nne. Lakini mshono wa kuunganisha unakula nusu inchi juu na nusu inchi chini, basi nguo hutoka imefupishwa inchi tano, na inchi iliyokwenda hairudi. Kipande cha kutoa ni inchi tatu. Mtoto wa ami yangu hukata nusu inchi chini ya alama ya juu na nusu inchi juu ya alama ya chini, na kabla ya mkasi kugusa kitambaa hukunja nguo kwa pini kama itakavyokuwa, akamvalisha mteja tena. Msichana alikwenda hadi mlangoni na kurudi, akakaa, akasimama. Ilikuwa sawa. Pia fundi alitia mkono ndani kuona mifuko ya ubavuni inafika wapi, kwa kuwa abaya nyingi zina mfuko na utumbo wake huning'inia chini kuliko mtu anavyodhani. Ukiushona pamoja na ubavu utajua siku ambayo mteja anatafuta simu yake.

Kuhusu kushona kwenyewe sitakaa sana. Nida ni nyepesi, inataka sindano namba 11; ile namba 14 ya kushonea kanzu na sare huvuta nyuzi na kuacha mstari kama wa kucha. Sindano ikianza kugonga "tak, tak" kila inaposhuka, imekuwa butu au imepinda, itolewe, usingoje ivunjike. Alijaribu kwanza kwenye kile kipande cha inchi tatu kilichokatwa, mishono kama kumi kwa inchi, akageuza upande wa pili. Uzi ukitokeza vitanzi chini, kosa kwa kawaida liko juu: uzi wa juu umelegea au haukupita mahali pake. Wengi hukimbilia kuchezea bobini na kuharibu kisichoharibika. Akashona mbavu kwanza, kisha mzunguko, akianza kwa kulinganisha mishono ya ubavuni ya juu na chini ili kama kuna kitambaa kinachozidi kidogo kigawanyike kote na kisikusanyike mwishoni.

Hana ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Kingo za ndani alizikunja zote mbili pamoja na kuzishona tena kwa mstari mmoja, zisichanike. Halafu pasi, na hapa pana hatari kubwa kuliko mkasi. Nida ni polista, na polista nyeusi ikiguswa na pasi ya moto kwa nje hung'aa, na mng'ao huo hautoki. Alipiga pasi kwa ndani, juu ya kipande cha leso kuukuu kilicholowa kidogo, akabonyeza na kuinua bila kuburuta.

Mikono ilizidi inchi moja na nusu, nayo ilikuwa na nakshi. Msichana alipoambiwa bei ya kuirekebisha alisema iachwe, atakunja. Sikumlaumu.

Abaya ikatoka siku ya pili alasiri. Kwa kweli, aliyekuwa hajui kwamba imekatwa asingeuona mshono, labda aelekezwe. Mteja alifurahi, akalipa shilingi 500, na kabla ya magharibi wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuja kuuliza kama na zao zinawezekana.

Hadi hapo kila mtu angesema hii ndiyo kazi ya kuitafuta: bei kubwa, sifa, wateja wapya. Usiku tukakaa na daftari lake. Nilimwomba akadirie muda, kwa kuwa pesa alikuwa anaziandika ila muda hakuwa akiuandika. Kupima, kuvalisha mara mbili, kuchora, kufumua mbavu, kushikiza, kushona, kupiga pasi: karibu saa tatu za kazi halisi, ukitoa sala na maongezi. Uzi tuseme shilingi 20. Basi saa moja ya abaya ile ilimlipa shilingi 160.

Halafu tukaangalia dera. Dera hukatwa refu na pana ili limtoshe kila mtu, basi karibu kila mwanamke asiye mrefu hulileta lipunguzwe. Limekatwa karibu mraba, pindo lake limenyooka, kitambaa ni chepesi na kinatii. Unapima, unakata, unapinda mara mbili, unashona duara moja. Dakika ishirini, shilingi 100. Saa moja ya madera inamlipa 300, karibu mara mbili ya abaya iliyompa jina mtaani.

Wiki moja isiyo ya sikukuu kwenye daftari lake ilikuwa hivi: madera sita kwa mia mia, suruali tatu za kupunguza kiuno au urefu kwa 150 kila moja, zipu mbili kwa 150 bila kuhesabu zipu zenyewe, na vitu vidogo vitano vya shilingi 50, kama mshono wa kwapa uliofumuka, kifungo, mfuko uliotoboka. Jumla 1,600. Suruali huchukua dakika arubaini, zipu arubaini na tano, vidogo dakika kumi kumi. Ukijumlisha haifiki saa saba kwa wiki nzima, akiwa nyumbani kwake, chungu kikiwa jikoni. Si pesa ya kujenga ghorofa. Ila ni zaidi ya shilingi 200 kwa saa bila kodi ya duka, na haikatiki, kwa sababu hakuna wiki ambayo mtaa mzima unakaa bila mtu kuchanika nguo.

Tofauti ya hizi kazi iko kwenye kufumua. Bei za mtaani hufuata thamani ya nguo: abaya ni ya ghali basi toza zaidi, kaptula ya mtoto ni rahisi basi toza kidogo. Muda wa fundi haufuati hivyo. Unafuata ni mishono mingapi lazima ifumuliwe kabla hujaanza kushona. Dera halifumuliwi hata mshono mmoja. Pindo la zamani linakatwa na kutupwa. Suruali ya kiume inafumuliwa mahali pamoja, nyuma katikati, ambako kwa kawaida washonaji huacha kitambaa cha akiba. Kaptula ya mtoto yenye lastiki iliyolegea, ikiwa lastiki yenyewe imeshonewa juu ya kitambaa kwa mistari minne, inafumuliwa kiuno kizima kwa wembe, tundu kwa tundu, na inaweza kukumeza saa nzima kwa shilingi 50. Bei ya haki ingesema: kwanza nigeuze ndani nione. Sasa anafanya hivyo. Nguo yoyote inayoletwa anaigeuza ndani nje mbele ya mwenyewe kabla ya kutaja bei, na mteja akiona mistari ile kwa macho yake hashangai kuambiwa 150.

Abaya yenye nakshi sasa ni 800. Nilidhani wataondoka. Mmoja aliondoka, akarudi.

Kuna kazi nyingine ambayo inaonekana nyepesi lakini ina mtego, nayo ni hilo hilo dera likiwa jipya. Madera mengi ni ya viskosi au pamba, na kitambaa cha namna hiyo kikifuliwa mara ya kwanza hurudi, tena hurudi urefu kuliko upana. Ukilipinda sawasawa kwenye kifundo cha mguu leo, baada ya kufuliwa litakuwa juu ya kifundo, na mwenyewe hatalaumu maji, atakulaumu wewe. Swali la kwanza ni "imefuliwa?" Jibu likiwa la kusitasita, kiguse kitambaa: kipya huwa kigumu kidogo kwa wanga wa kiwandani na hukunjika kwa sauti. Kama haijafuliwa, mwambie akailoweke usiku mmoja na kuianika, kisha alete. Akiwa na haraka, acha inchi mbili zaidi kwenye pindo zilizokunjwa ndani, ili likirudi lishushwe. Kanzu za watoto ni hivyo hivyo, na zaidi, kwa kuwa mtoto naye anakua: pindo la inchi tatu ndani ya kanzu ya mtoto wa chuoni ni kazi mbili au tatu za mbele kwa fundi yule yule. Ukishusha pindo la zamani hubaki mstari. Kama ni alama ya mkunjo tu, kitambaa kilicholowa maji yenye siki kidogo na pasi huitoa; kama ni rangi iliyopauka, haitoki, na hilo lisemwe mapema.

Kanzu nyeupe zina adui mwingine hapa kisiwani, chumvi ya hewa. Pini na sindano zikiachwa wazi hupata kutu, na pini yenye kutu ikikaa usiku mmoja kwenye kanzu iliyolowa jasho la mkono huacha nukta ya rangi ya kahawa. Yeye huziweka kwenye kopo lenye mfuniko, na kabla ya kuchoma kanzu huifuta kila pini kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Cherehani yenyewe huitia oili kila wiki, matone machache kwenye matundu yake, halafu hushona kitambaa kibovu mpaka kitoke kisafi. Asiyefanya hivyo, nguo ya kwanza ya asubuhi ndiyo itakayokunywa oili.

Anayoyakataa ni machache, na nadhani kukataa huko kunamwingizia pesa kama kushona. Hakubali vitambaa vinavyovutika, kama madera ya jezi, tisheti na taiti, kwa kuwa cherehani yake ina mshono ulionyooka tu. Mshono ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika huonekana mzuri mezani. Mvaaji akiinama uzi unakatika. Unaweza kuujaribu mwenyewe: vuta mshono kwa mikono miwili, ukisikia mlio mdogo wa kukatika, haufai. Hao huwaelekeza kwa fundi mwenye ovaloki, naye yule humrudishia zipu asizopenda kuhangaika nazo. Suruali hapunguzi kiuno zaidi ya inchi mbili, maana mifuko ya nyuma husogeleana mpaka inakaribia kuwa mmoja na mshono wa makalio unavutwa. Mteja wa inchi nne humwambia ukweli, kwamba anataka suruali nyingine. Na nguo ya mtumba iliyonunuliwa shilingi 150 haiguzi kwa kazi ya 300 mpaka mwenyewe arudie mara mbili kwamba anaitaka, kwa sababu watu wa namna hiyo wakifika nyumbani huhesabu upya.

Sasa deni. Hili ndilo lililokuwa likimla, kuliko hata bei ndogo. Jirani anakuja na nguo, anachukua, "nitakupa Ijumaa", na Ijumaa mnakutana mlangoni kwa msiba au kwa mtoto mgonjwa, na mtu hawezi kudai mia moja hapo. Katika zile kurasa za daftari tulizofungua, zilizokuwa wazi bila alama ya kulipwa zilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka. Na wenye deni, hili ndilo baya zaidi, huacha kuja. Si kwa hasira, ni kwa haya. Mtu anadaiwa 100, anaona aibu kuleta suruali nyingine, anampelekea fundi wa mtaa mwingine. Unapoteza mia moja na unampoteza mteja.

Alichofanya hakikuwa kutangaza marufuku ya deni, maana Langoni hiyo ingechukuliwa kama kiburi. Alihamisha malipo tu. Nguo ikiletwa, anaandika kwenye kipande cha kitambaa jina la mwenyewe, kazi, na bei, anakichoma kwa pini kwenye nguo, na kusema: "Iwate hapa, kesho kutwa uye uitwae na pesa zake." Nguo ikiwa tayari hubaki kwenye waya barazani ikionekana. Asiye na pesa siku hiyo huiacha nguo, wala hakuna aliyemdai mwenzake. Wachache anaowaachia waende nayo ni wale anaojua hali zao, na hao hawaandiki tena kama deni. Anawaandika kama sadaka, ili wakirudi na kazi nyingine awapokee kwa moyo mweupe. Nilipomuuliza kama hao hawazidi, alisema huwa hawazidi watatu kwa mwezi, na akizidisha atakuwa anadanganya nafsi yake.

Kwa misimu, daftari lilionyesha kile ambacho angeweza kukisema bila daftari: Ramadhani kuanzia kumi la pili, kazi hufurika, kabla ya Maulidi ni kanzu, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Januari na kila muhula unapoanza, ni sare za kushusha na kutanua. Kinachomsumbua ni kwamba wote huleta siku tatu za mwisho. Idi iliyopita alijaribu jambo dogo: kuanzia tarehe ishirini ya mfungo hapokei tena abaya zenye nakshi wala lastiki za kufumua, anapokea mapindo yaliyonyooka peke yake. Walioudhika walikuwepo. Kwa saa zile zile za usiku baada ya tarawehe alitoa nguo nyingi zaidi, na hakuna aliyekwenda kuswali Idi akiwa na nguo yenye pini.

Aliniuliza kama anunue ovaloki. Anayo akiba ya kuanzia na kuna moja iliyotumika inauzwa. Tukarudi kwenye daftari kutafuta ni kazi ngapi alizozikataa kwa kukosa ovaloki, na hazikuwa zimeandikwa, kwa kuwa mtu huandika alichofanya. Basi kuna ukurasa mpya mwishoni mwa daftari, umepigwa mstari katikati: upande mmoja "za jezi nilizokataa", upande wa pili bei ambayo angetoza. Utajazwa hadi Ramadhani. Ikiwa jumla ya ukurasa huo kwa mwezi haifiki hata robo ya madera, ovaloki ibaki kwa mwenye nayo, na zipu ziendelee kuja kwake.